Hoteli zinataka siku 60: laki sita na nusu zinavyoyeyuka

"Mwalimu, nina duka la jumla Malindi. Nauza mchele, mafuta, sukari na sabuni kwa hoteli na mikahawa ya hapa mjini na Watamu, kwa deni la siku 30. Mwaka jana niliuza 18,000,000, na kwa wastani huwa nadai nje 2,000,000. Katika kila mia nabaki na 18 baada ya kulipa mzigo, gari na makuli. Walionihepa mwaka jana walinila 180,000. Sasa mameneja wa manunuzi wananiambia nikitoa siku 60 watachukua zaidi, na kuna hoteli mbili mpya zitakuja kwangu. Twakadiria mauzo yatapanda kwa robo, nusu ya nyongeza kutoka kwa wateja wa zamani na nusu kwa hao wapya. Pesa nazungusha kwa ovadrafti ya benki, riba 16 kwa mia kwa mwaka, mwisho wake 3,000,000. Mwanangu amepiga hesabu akasema nitabaki na laki sita na nusu zaidi kwa mwaka. Nikubali?"

Dada yangu, usikubali hivyo ilivyo. Kuna sehemu ya ombi hilo inayokufaa, nitakuonyesha ni ipi, lakini ukiwafungulia wote siku 60 utafanya kazi ya mwaka mzima ubaki na pesa ya kununua friji moja, tena ukiwa na bahati.

Hesabu ya mwanao naweza kuikisia. Robo ya 18,000,000 ni 4,500,000, na 18 kwa mia ya hizo ni 810,000. Akachukua mauzo mapya ya miezi miwili, 750,000, akayatoza riba ya 16 kwa mia, akapata 120,000. Akasema wapya watahepa kama wa zamani, moja kwa mia, yaani 45,000. Akatoa, akabaki na 645,000. Kuzidisha na kutoa kwake hakuna kosa. Kosa liko kwenye watu aliowasahau: wateja wako wa zamani.

Hao leo wanakulipa. Ukitangaza siku 60, hawatabaki kulipa kwa siku 30 kwa sababu wanakupenda. Siku ileile meneja atamwambia karani wake asukume malipo mbele, na mzigo ambao ungeuzwa hata hivyo, kwa bei ileile, utalipwa mwezi mmoja baadaye. Hapo huuzi hata kilo moja ya ziada. Umempa mtu mkopo bure kutoka kwenye ovadrafti yako.

Tuupime mkopo huo. Kwanza, siku zako 30 si 30. Mwaka tuufanye siku 360 ili hesabu ziwe nyepesi: 18,000,000 ukigawa kwa 360 unauza 50,000 kwa siku. Unadai nje 2,000,000. Gawanya kwa 50,000, unapata 40. Kwa hiyo mteja wako wa wastani anakulipa siku ya 40, hata kama invoisi imeandikwa 30. Hesabu hii ifanye kila mwisho wa mwezi, dakika mbili tu, nayo haidanganyi kama mdomo wa meneja. Basi anayechelewa siku 10 kwenye 30 atachelewa ngapi kwenye 60? Ningeweza kusema 20, ifike 80. Nimekuwa mpole, nikasema 15. Malipo yatafika siku ya 75.

Wateja wa zamani, basi, wanahama kutoka siku ya 40 hadi ya 75. Siku 35, kila siku 50,000: hiyo ni 1,750,000 itakayokaa mifukoni mwao badala ya mwako. Wapya na nyongeza ni 12,500 kwa siku, mara siku 75, ni 937,500. Hapa wahasibu wenyewe hubishana, kwa hiyo nieleze ninavyofanya na kwa nini. Kwa mauzo mapya nahesabu tu kile ulichotoa mfukoni, yaani 82 katika kila mia, kwa kuwa ile 18 ni faida ambayo bila mauzo hayo usingekuwa nayo. Hiyo inatoa 768,750. Kwa wateja wa zamani nahesabu bei nzima, pamoja na faida, kwa kuwa pesa hiyo yote ungekuwa umeshaipokea na kupunguza ovadrafti nayo. Jumla ni 2,518,750. Riba yake kwa 16 kwa mia ni 403,000 kwa mwaka.

Tazama ndani ya hiyo jumla. Karibu 70 katika kila mia ya pesa itakayofungwa inatoka kwa watu ambao hawakuhitaji kushawishiwa. Mwanao aliona 120,000 kwa sababu alitazama mlango wa mbele ambako wageni wanaingia, na huku nyuma waliomo ndani wanatoka na mali.

Utauliza, na stoo? Ukiuza zaidi unaweka mzigo zaidi, na huo nao ni pesa. Kama mzigo wako unakaa stoo wiki mbili hivi na muuzaji wako wa Mombasa anakupa wiki mbili kulipa, hizo mbili zinafutana na nimeziacha. Kama unalipa taslimu unapopakia, ongeza. Tena uhakikishe gari ulilonalo linabeba robo ya ziada. Ukilazimika kukodi la pili, ile 18 kwa mia haipo tena na hesabu yote hii uianze upya.

Sasa wanaohepa. Sikubaliani na moja kwa mia kwa mauzo mapya, na nitakwambia sababu. Hoteli inayomhama muuzaji wake kwa ajili ya bei, au kwa kuwa mchele wake una mawe, ni mteja wa kawaida. Hoteli inayohama kwa ajili ya siku, mara nyingi imeshamaliza siku za pale ilipokuwa. Muuzaji wa kwanza amefunga daftari, ndiyo maana inabisha hodi kwako. Si zote, lakini wewe huwezi kuwajua kwa sura. Kwa mauzo mapya mimi naweka sita kwa mia. Sita kwa mia ya 4,500,000 ni 270,000, juu ya zile 180,000 za kawaida.

Kuna rafiki yako atakayekwambia kwamba deni la 100,000 likifa hasara ni 82,000 tu, kwa sababu 18,000 ilikuwa faida na hukuwa nayo. Ni kweli, lakini sisi tayari tumeiweka faida ya mauzo yote kwenye zile 810,000, pamoja na ya watakaohepa. Kwa hiyo lazima tutoe bei nzima, la sivyo utajipongeza kwa faida ya mzigo ambao hukulipwa. Chagua njia moja uishike mpaka mwisho. Na ukitaka kujua uchungu wa deni moja: kurudisha 82,000 ulizotoa kununua mzigo huo, kwa faida ya 18 kwa mia, itabidi uuze mzigo wa karibu 456,000 kwa watu wanaolipa.

Halafu kuna kufuatilia. Leo nadhani unapiga simu mwenyewe jioni. Deni likizidi mara mbili utahitaji kijana wa kwenda Watamu na kurudi mara mbili kwa wiki, kukaa mapokezi mpaka hundi isainiwe. Nauli na posho tuseme 8,000 kwa mwezi, 96,000 kwa mwaka.

Weka pamoja: 810,000, toa 403,000, toa 270,000, toa 96,000. Imebaki 41,000.

Nambari hiyo sikuipenda mimi mwenyewe, nikaitikisa kidogo nione kama inasimama. Malipo yakifika siku ya 90 badala ya 75, riba inapanda kwa karibu 145,000 na wewe unaingia hasara ya 103,600. Siku zikibaki 75 lakini mauzo yakapanda kwa 15 kwa mia badala ya 25, unapata hasara ya karibu 126,000. Yaani ukikosea kidogo upande wowote, umefanya kazi ya bure. Faida inayokufa kwa kukosea wiki mbili mimi siiiti faida.

Na hiyo robo yenyewe, dada, umeipata wapi? Hoteli hailishi wageni zaidi kwa sababu umeipa siku zaidi. Idadi ya sahani inafuata vyumba vilivyojaa. Kwa hiyo mchele wa ziada unaoletewa habari yake ni mchele ambao leo wananunua kwa mwingine, labda wa hapo karibu na soko, labda wa Mombasa anayeleta kwa lori lake. Naye ana masikio. Akiona oda zimepungua atatoa siku 60 naye, na wateja watarudi kugawanya oda kama zamani. Mauzo mapya yataondoka, lakini siku 60 hazitaondoka, kwa kuwa hakuna meneja atakayekubali kurudishwa 30. Kabla ya kubadilisha chochote waulize kwa upole: hiki cha ziada, sasa hivi mnachukua kwa nani? Jibu lake lina thamani kuliko makadirio yetu yote.

Mpaka hapa nimehesabu kwa wastani wa mwaka, na Malindi haiishi kwa wastani. Wewe wajua kuliko mimi: kaskazi ikivuma, kuanzia mwezi wa kumi na mbili, hoteli zinajaa. Pasaka ikipita, mvua za masika zinaingia, bahari inachafuka, na hoteli nyingi zinafunga mpaka kusi itulie. Sasa chukua kalenda. Mzigo ulioupeleka katikati ya Machi kwa siku 60 unaiva katikati ya Mei. Katikati ya Mei hoteli ina nini? Ina mlinzi na paka.

Hili liliwahi kunikuta nilipokuwa karani wa duka moja la jumla, miaka mingi iliyopita. Hoteli moja ya ufukweni, jina niliache, ilichukua mafuta na unga wa ngano wa kutosha mwezi wa tatu. Tulifurahi, oda ilikuwa kubwa kuliko zote za msimu. Deni lilipoiva nikaenda na tuktuk, nikamkuta askari amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwarobaini. Meneja amekwenda kwao, mwenyewe yuko Ulaya, mhasibu ana likizo bila malipo. Nilipotoa nakala ya hati ya kupokea mzigo, sahihi ilikuwa ya mtu wa stoo ambaye mkataba wake ulikuwa umekwisha, na hakukuwa na muhuri. Tulilipwa nusu mwezi wa kumi na mbili, kwa sababu walitaka mafuta tena. Nusu nyingine tuliandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, na iko huko mpaka leo.

Ukweli huo wa misimu unakupiga mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye madeni yanayokufa, ambayo hayaji moja moja kwa mwaka mzima, yanakuja pamoja baada ya Pasaka. Mara ya pili ni kwenye ovadrafti. Tuseme wakati wa msimu unauza 2,400,000 kwa mwezi, yaani 80,000 kwa siku, na kwa siku 40 unadai nje 3,200,000. Ukiongeza robo, unauza 100,000 kwa siku, na kwa siku 75 utadai 7,500,000. Nikipima kama nilivyopima mwanzo, wa zamani kwa bei nzima na wapya kwa gharama, pesa ya ziada utakayohitaji ni 4,030,000. Benki mwisho wake ni 3,000,000, hata kama leo hujaigusa. Mwezi wa pili, msimu ukiwa juu kabisa na vitabu vikionyesha faida, hutakuwa na pesa ya kulipa lori la mchele. Biashara nyingi za jumla hapa pwani hazifi kwa kukosa wateja. Zinafia hapo, zikiwa na invoisi nyingi na mfuko mtupu. Weka tarakimu zako za kweli za Januari na Februari mahali pa hizi zangu uone.

Usiisahau pia kodi ya ongezeko la thamani. Ukishatoa invoisi kwenye eTIMS, KRA wameiona, na kodi ya mauzo ya mwezi huo inatakiwa kufika tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amekulipa au hajakulipa. Kwa siku 30 pengo hilo halionekani sana. Kwa siku 75 utakuwa umeilipia hoteli kodi ya mwezi mmoja au miwili kabla haijakuletea senti. Kurudishiwa kodi ya deni lililokufa kuna njia yake kisheria, ila ni njia ya miaka, haitakusaidia kulipa lori.

Basi ni sehemu ipi ya ombi inayokufaa? Tenganisha wapya na wa zamani. Wa zamani waache kwenye siku 30. Zile hoteli mbili mpya zipe siku 60. Umesema nusu ya nyongeza inatoka kwao, 2,250,000 kwa mwaka. Faida ya 18 kwa mia ni 405,000. Wakilipa siku ya 75, unafunga kwao 384,375 kwa gharama, riba 61,500. Wakihepa sita kwa mia ni 135,000. Kijana wa kufuatilia tumtoze yuleyule, 96,000, ingawa kazi yake ni nusu. Unabaki na 112,500.

Soma tena hiyo. Mauzo mapya ni nusu ya yale, na faida ni zaidi ya mara mbili, kwa pesa isiyofika hata moja ya sita ya ile iliyokuwa inafungwa kule mwanzo. Hata kama hizo hoteli zikawa mbaya kuliko nilivyodhani, zikakuhepa kumi kwa mia, bado hujaingia hasara, unabaki na 22,500. Zikivuka kumi na moja ndipo unapoanza kula mtaji.

Ugumu wake ni kwamba Malindi ni mji mdogo. Mameneja wa manunuzi wanakunywa kahawa pamoja, na kabla ya Ijumaa meneja wa zamani atakuuliza kwa nini mgeni anapewa na yeye mwenye miaka mitano hapewi. Usitoe jibu la aibu, wala usiifanye siri. Toa sharti ambalo kila mtu anaweza kulitimiza: siku 60 ni za mzigo unaozidi ule uliochukua mwezi huohuo mwaka jana. Hoteli iliyochukua 200,000 Januari iliyopita, Januari hii ikachukua 260,000, zile 60,000 zinapata siku 60 na 200,000 zinabaki siku 30. Toa invoisi mbili, kila moja na tarehe yake ya kulipwa juu kabisa kwa maandishi makubwa. Mgeni hakuchukua chochote mwaka jana, kwa hiyo mzigo wake wote unahesabiwa nyongeza, naye anabaki ndani ya sharti lilelile.

Sharti hilo lina mwanya mmoja nikuonye mapema. Mjanja atavuta oda ya Februari aichukue mwisho wa Januari, ionekane amezidisha. Ndiyo maana mwisho wa Februari unajumlisha miezi miwili, na kama jumla haikuzidi ya mwaka jana, msimu unaofuata hana siku 60.

La pili ni kalenda. Kwenye karatasi ya masharti andika: siku 60 au tarehe 31 Machi, lolote litakalotangulia. Mzigo wa tarehe 10 Januari unapata siku zake zote. Wa tarehe 1 Machi unapata siku 30 tu. Kuanzia Aprili mpaka hoteli ifungue tena ni taslimu au M-Pesa mlangoni kabla kijana hajashusha mzigo. Meneja mwenye nia njema hatakataa hilo, kwa sababu Machi ndipo pesa ya wageni ilipo. Atakayekataa amekupa habari ya bure.

La tatu, kila hoteli mpya iwekee kikomo cha deni, si cha siku peke yake. Mimi ningeanza na 200,000 kwa kila moja. Ikifika hapo, oda inayofuata ni taslimu mpaka ilipe. Hapo wajua kwamba zikikimbia zote mbili siku moja, ulichotoa mfukoni ni 328,000, inauma lakini duka linafungua kesho yake. Kikomo hicho kitapunguza kidogo mauzo ya msimu, na hesabu ya juu itashuka nacho. Mimi ningekubali hivyo.

Daftari la wadaiwa ligawe kwa umri wa deni: lisilozidi siku 30, la 31 hadi 60, la 61 hadi 90, na lililozidi hapo. Lipitie kila Jumatatu. Kuna dalili chache ambazo nimeziona zikitangulia kabla hoteli haijaanguka. Ya kwanza ni mteja kuacha kulipa invoisi na kuanza kulipa "kidogo kidogo", 50,000 leo, 30,000 wiki ijayo, tarakimu nzima zisizolingana na karatasi yoyote. Ya pili ni oda kukua huku malipo yakichelewa. Hapo usifurahi, wengine wameshamfungia. Ya tatu ni kubadilishwa kwa meneja wa manunuzi katikati ya msimu, na mpya anakwambia hayo ya zamani hayajui. Ukiona mbili kati ya hizo kwa mteja mmoja, simamisha mzigo siku hiyohiyo, hata kama ni mtu mnayesalimiana msikitini.

Kuna mambo matatu ambayo barua haitoshi. Kabla ya Novemba nenda benki ukae na ofisa wako, umpelekee makadirio ya mauzo mwezi kwa mwezi, usingoje Februari wakati ovadrafti imeshagonga mwisho. Kama hoteli mpya ni kampuni, mwone wakili akuandikie dhamana ya mkurugenzi binafsi, kwa sababu kampuni ikifungwa bila dhamana hiyo utakuwa unadai karatasi, na umwulize pia wakili kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi 1,000,000, ambako hati ya kupokea mzigo yenye sahihi na muhuri ndiyo shahidi wako mkubwa. La mwisho ni ile 18 kwa mia. Mpe mhasibu aliyesajiliwa invoisi zako za miezi mitatu aipime bidhaa kwa bidhaa. Nina wasiwasi kwamba sukari yako haifiki hata nane, na kama hizo hoteli mbili zitachukua sukari zaidi ya mafuta, zile 112,500 hazipo. Sukari ya siku 60, kwa riba yako, usimpe mtu yeyote.